"Hapana" ya mwaka 2021: kisa cha Harrier ya Mwanza, faini za tochi na kesi ambayo haikutajwa siku ya kuhuisha bima

Mama mmoja alikuja ofisini Jumatatu asubuhi akitokea Mwaloni, Kirumba, anakouza dagaa kwa jumla. Alifungua daftari lake la mauzo, akatoa barua ya ukurasa mmoja na nusu, akaisukuma upande wangu wa meza. "Baba, nisomee. Mimi nimeelewa neno moja tu, kwamba hawalipi."

Niliisoma. Kampuni yake ya bima ilikuwa inafuta mkataba wake tangu siku alipouhuisha, 20 Februari 2024, na inamrudishia ada yake yote. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, gari lilikuwa na faini nne za mwendokasi kwenye mfumo wa trafiki. Ya pili, dereva wake alitiwa hatiani mahakamani Novemba 2023 kwa kuendesha bila uangalifu, na hakuna aliyelisema hilo wakati wa kuhuisha.

Mimi nafanya kazi kwa dalali wa bima, siyo kwa wakala, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuja kuamua kisa hiki. Mama hakuwa mteja wetu. Alielekezwa kwangu na jirani yake wa sokoni baada ya barua kufika. Nimebadilisha vitu vichache ili asitambulike, lakini hesabu na mpangilio wa matukio nimeviacha vilivyo.

Gari ni Toyota Harrier ya matumizi binafsi. Mama mwenyewe huendesha mara moja moja, ila mara nyingi usukani uko kwa mdogo wake wa kiume, aliye naye tangu wazazi wao wafariki. Februari 2021 alikata bima kubwa kwa mara ya kwanza. Alijaza fomu ya maombi kwa mkono wake, akaandika kwamba waendeshaji ni yeye na mdogo wake. Kwenye fomu kulikuwa na swali ambalo karibu kila fomu ya bima ya gari inalo kwa maneno yanayofanana na haya: je, wewe au mtu yeyote atakayeendesha gari hili ametiwa hatiani kwa kosa la barabarani katika miaka 5 iliyopita, au ana shauri ambalo halijaamuliwa? Akaandika "Hapana". Mwaka huo jibu hilo lilikuwa kweli tupu.

Baada ya hapo hakujaza fomu tena. Kila Februari wakala alimtumia kwa Wasap picha ya taarifa ya kuisha kwa bima, yeye akarusha hela kwa simu, stika ikatoka, mwaka ukaanza upya. Wengi wetu tunahuisha hivyo, na hakuna ubaya wa kurahisisha. Shida ni kwamba kwa macho ya sheria kile kitendo cha dakika tano ni mkataba mpya kabisa. Ule wa zamani ulikufa saa sita usiku wa siku ya mwisho. Na kwa kuwa mkataba ni mpya, wajibu wa kusema yote yanayohusu hatari ya gari na waendeshaji wake nao unazaliwa upya, hata kama hakuna aliyekupa fomu wala kalamu.

Sasa tuje kwenye yaliyotokea kati ya "Hapana" ya 2021 na Februari 2024.

Faini zote nne zilitokea mwaka 2023, zote kwenye barabara ya Usagara kwenda Kigongo. Waliokuwa wakivuka kwenda Busisi kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025 wanajua jinsi ilivyokuwa. Ukichelewa kivuko unakaa kwenye foleni ukikisubiri kirudi, kwa hiyo kila dereva alikuwa anakimbizana na saa. Kijana alikuwa anapeleka mzigo mdogo wa dukani Sengerema mara mbili kwa wiki, anapita kwenye vijiji vyenye kibao cha 50, na trafiki mwenye tochi anajua fika ni saa ngapi watu wanakimbilia kivuko. Kila faini ilikuwa shilingi 30,000. Mbili alisimamishwa akaandikiwa papo hapo kwa leseni yake. Nyingine mbili mama alikuja kuziona baadaye alipoingiza namba ya gari kwenye mfumo, tms.tpf.go.tz, akachukua kontroli namba na kulipa zote kwa siku moja.

Kesi ilikuwa jambo la aina nyingine. Septemba 2023, jioni, maeneo ya Mkolani, kijana alikuwa anakata kona kuingia kwenye kituo cha mafuta bila kuangalia vizuri upande wake, akamgonga bodaboda. Mtu wa bodaboda aliumia mguu. Mama alilipa matibabu, akatengeneza pikipiki, wakaandikishana mbele ya balozi wa nyumba kumi. Akaamini yamekwisha. Polisi wao walishafungua jalada. Kijana alifikishwa mahakamani, Novemba akakiri kosa, akatozwa faini, akalipa, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kampuni ya bima haikuambiwa lolote kwa sababu hakuna aliyeidai kitu.

Mei 2024, mvua ikinyesha, kijana huyo huyo akiwa karibu na Usagara akagonga fuso kwa nyuma. Hakuna aliyeumia. Boneti, rejeta, taa zote mbili na mifuko ya hewa vilikwenda. Asesa wa kampuni alikadiria matengenezo kuwa shilingi 6,400,000.

Kampuni ilijuaje habari ya kesi? Sikutarajia jibu nililolikuta. Hawakupeleleza chochote. Fomu ya madai, ile unayojaza baada ya ajali, nayo ina sehemu ya dereva: leseni yake ni ya daraja gani, ilitoka lini, na je, amewahi kushtakiwa kwa kosa la barabarani? Kijana akajaza kwa herufi kubwa: NDIYO, NOVEMBA 2023, NILILIPA FAINI. Alisema kweli. Karani wa madai akalinganisha karatasi hiyo na ile "Hapana" ya 2021 kwenye faili, akaipeleka juu. Wakiwa tayari wameshapata shaka ndipo wakafungua mfumo wa trafiki, wakaona na zile nne, wakazitia kwenye barua kama kitoweo cha pembeni.

Niligawanya barua hiyo sehemu mbili, kwa sababu kila sehemu ilikuwa na uzito wake.

Kuhusu faini za tochi, msimamo wangu ulikuwa kwamba hazikupaswa kuwemo kabisa. Watu wengi mjini wanaamini kwamba ukipigwa tochi mara nyingi bima yako inapanda. Katika ofisi ninazofanya nazo kazi sijaona ada ya gari binafsi ikipandishwa kwa sababu ya deni la 30,000 lililolipwa. Ada inapangwa kwa thamani ya gari, matumizi yake, historia ya madai na waendeshaji. Kwa bima kubwa ya gari binafsi kiwango cha chini kilichowekwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na mama alikuwa hapo hapo kwenye 3.5. Mteja aliye kwenye kiwango cha chini hana pa kushukia hata akiendesha kama malaika. Pa kupandia papo.

Lakini hoja yenyewe ilikuwa kwenye maneno. Fomu iliuliza juu ya kutiwa hatiani na mashauri yanayosubiri. Anayeandikiwa faini na askari barabarani anakubali kosa na kulipa ili shauri lisifike mahakamani. Hakuna hakimu aliyesoma kosa wala kutamka hatia. Kumwambia mama kwamba kwa kulipa zile faini alikuwa "ametiwa hatiani" mara nne ni kulivuta swali mpaka likatike. Tena faini mbili kati ya hizo zilikaa kwenye namba ya gari tu. Mfumo unajua gari lilipita kwa kasi, haujui nani alikuwa kwenye usukani. Angeweza kuwa mama mwenyewe, shemeji au fundi aliyekuwa analijaribu.

Hapa nitoe tahadhari, maana si fomu zote zinazofanana. Nimeshika fomu zinazouliza "faini au adhabu yoyote ya barabarani, ikiwemo iliyolipwa kwa askari". Ukikutana na swali la namna hiyo, tochi nazo zinaingia, unazitaja zote na tarehe zake. Swali ndilo linaloweka mpaka, kwa hiyo lisome kama unavyosoma hati ya kiwanja.

Niliuliza kampuni swali moja kwa barua. Tangu muanze biashara Kanda ya Ziwa, mmewahi kumpandishia ada au kumkataa mteja wa gari binafsi kwa faini nne za mwendokasi zilizolipwa? Jambo linastahili kuitwa muhimu pale ambapo kampuni ya bima yenye busara ingelizingatia katika kuamua kukubali gari au kupanga bei yake. Kama hamjawahi kulizingatia kwa mteja yeyote, basi mnalizingatia leo kwa sababu kuna milioni sita za kulipa. Baada ya wiki mbili wakajibu kwamba wanaiondoa sababu hiyo. Hawakueleza kwa nini, nami sikudai maelezo.

Kwenye kesi ya Novemba sikuwa na hoja kama hiyo, na nilimwambia mama hivyo hivyo bila kumzungusha. Dereva anayeshika usukani siku nyingi kuliko mwenye gari ametiwa hatiani kwa uendeshaji mbaya, mtu ameumia, na yote hayo ni miezi mitatu kabla ya kuhuisha. Hakuna kampuni ambayo ingeona hilo ni dogo.

Mama alitikisa kichwa. "Lakini mimi sikutiwa hatiani. Ni yeye. Na hawakuniuliza."

Ni malalamiko ya haki, na mahakama zimewahi kuyasikia. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1975, Lambert, ambayo watu wa fani yetu hufundishwa mapema. Mke alikuwa amekatia bima vito vyake na vya mumewe. Katikati mume akafungwa kwa kosa la wizi. Mke akahuisha bima bila kutaja, na hakuna aliyemuuliza. Vito vilipopotea kampuni ikakataa kulipa, na mahakama ya rufani ikaikubalia. Mmoja wa majaji alikiri wazi kwamba sheria yenyewe hairidhishi, kwa sababu mke yule si mtaalamu wa bima na angejuaje kwamba kifungo cha mumewe kinaihusu pete yake? Hata hivyo alishindwa. Waingereza walikuja kubadilisha sheria yao kwa wateja binafsi mwaka 2012, sasa kampuni ndiyo yenye kazi ya kuuliza. Kwetu ule mzigo wa zamani wa uaminifu wa hali ya juu, yaani kusema yote hata usipoulizwa, bado uko mabegani mwa mteja. Na taarifa ya kuisha kwa bima aliyotumiwa mama ilikuwa na mstari mdogo chini, juu kidogo ya namba ya kulipia: "Endapo kuna mabadiliko yoyote katika taarifa ulizotupatia, tafadhali tujulishe kabla ya kuhuisha." Kwenye picha ya Wasap mstari huo ulikuwa na ukubwa wa mguu wa sisimizi. Lakini ulikuwepo.

Kwa hiyo nilimuuliza swali ambalo huwa namuuliza kila mteja wa aina hii kabla sijaandika neno. Ulimwambia nani?

Akanyamaza. Kisha akasema alimtajia wakala, "kwa juu juu", siku aliporusha hela. Nikamwomba simu. Tulikaa karibu nusu saa tukipandisha mazungumzo ya Wasap, tukipita picha za magunia, salamu za Ijumaa na matangazo ya msiba, mpaka tukafika 17 Februari 2024. Kulikuwa na sauti mbili. Ya mama ilikuwa na kelele za soko nyuma yake: "...halafu yule kijana wangu alipata kesi ya gari mwaka jana, ilikwisha, alilipa mahakamani. Hiyo haina neno kwenye bima?" Na jibu la wakala, sekunde nne: "Hakuna shida mayu, hiyo imeshapita. Tuma tu nikutolee stika."

Nilimwambia asiguse kitu kwenye ile simu, asibadilishe simu, asifute chochote.

Nieleze kwa nini sekunde nne zile zilikuwa na uzito kuliko barua nzima. Wakala wa bima amesajiliwa kuifanyia kampuni kazi. Anapokea hela kwa niaba yake, anatoa stika kwa jina lake, kamisheni yake inatoka huko. Anachoambiwa akiwa anahuisha bima ile ile, kampuni ina wakati mgumu kusema haikukijua. Dalali kama mimi yuko upande wa mteja. Mama angeniambia mimi habari ya kesi nami nikakaa kimya, angekuwa bado hajaiambia kampuni kitu, na madai yake yangebaki dhidi yangu. Wateja wengi hawajui kama anayewauzia bima ni wakala au dalali, na kwa kawaida haiwasumbui mpaka siku kama hii.

Kampuni haikukubali mara moja. Walisema wakala hana mamlaka ya kuamua kipi ni muhimu na kipi si muhimu, na kwa hilo walikuwa na hoja: kazi yake ilikuwa kuipeleka taarifa, siyo kuitupa. Mimi nikasema mama hakumwomba aamue. Alitoa taarifa, akauliza, akajibiwa na mtu wao. Kama mtu wao hakuifikisha, kosa hilo ni la ndani ya nyumba yao. Nikaongeza kwamba tuko tayari kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako mteja halipi chochote kusikilizwa, na kwamba ile sauti tutaibeba.

Hapo mazungumzo yakabadilika kutoka "tunalipa au hatulipi" na kuwa "ungelipa ada gani kama tungejua".

Mtu wao wa kupanga ada alikuwa mkweli, nampa heshima yake. Alisema asingemkataa mama. Kwa dereva mwenye hatia moja ya uendeshaji wa uzembe katika mwaka uliopita angeweka asilimia 4 badala ya 3.5. Tukaiweka kwenye karatasi. Gari lilikuwa limethaminiwa shilingi 20,000,000. Asilimia 3.5 yake ni 700,000, ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ambayo ni 126,000, mama alikuwa amelipa 826,000. Kwa asilimia 4 ada ingekuwa 800,000, kodi 144,000, jumla 944,000. Tofauti ni 118,000. Niliizungushia duara kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ndiyo bei ile ile ya stika ya bima ndogo ya gari binafsi, 100,000 na kodi yake. Fedha ya bima ndogo moja ilikuwa karibu imnyime mama matengenezo ya milioni sita.

Tulichokubaliana mwishowe kilikuwa hiki. Kutoka kwenye 6,400,000 inaondolewa eksesi, yaani sehemu ambayo mteja hubeba mwenyewe, ambayo kwa mkataba wake ilikuwa asilimia 10, shilingi 640,000. Inabaki 5,760,000. Kwa kuwa mama alilipa 700 katika kila 800 alizopaswa kulipa, atapata saba ya nane ya fidia hiyo, yaani 5,040,000. Hesabu hii ya uwiano ndiyo iliyomo kwenye ile sheria mpya ya Waingereza kwa mteja aliyekosea bila udanganyifu. Kwetu yalikuwa makubaliano ya mezani tu. Kampuni ingeweza kushikilia kufuta mkataba, na mama angeweza kudai zote 5,760,000 kwa nguvu ya ile sauti. Nilimweleza njia zote mbili na muda ambao kila moja ingechukua. Gari lilikuwa limekaa gereji Buzuruga wiki ya saba, na fundi alishaanza kumtajia gharama za maegesho. Akachagua 5,040,000.

Kuna watu waliosikia kisa hiki wakaniambia nilikubali mapema. Labda. Sikuwa mimi niliyekuwa nakodi gari kupeleka mzigo Sengerema.

Swali ambalo limebaki kwa wengi ni la kijana mwenyewe: angefanyaje kama bima ingehuishwa Oktoba 2023, baada ya kushtakiwa lakini kabla ya hukumu? Jibu ni kwamba hata hapo lilikuwa la kusemwa. Fomu inauliza pia mashauri yanayosubiri, na mtu anaweza kuandika "kuna shauri, halijaamuliwa, dereva anakana" bila kujitia hatiani popote. Baadaye akiachiwa, anapeleka nakala ya uamuzi na kuomba ada iangaliwe upya. Na ile ajali ya Mkolani yenyewe, kesi iwepo isiwepo, ilikuwa inahitaji kuripotiwa. Mikataba ya bima ya gari inamtaka mteja atoe taarifa ya kila ajali inayoweza kuzaa madai, hata kama amemalizana na mtu kienyeji. Kuandikishana kwa balozi hakumzuii aliyeumia kwenda kudai tena mguu ukimsumbua, na akidai atakuwa anadai kwa bima ambayo haikuwahi kusikia habari yake.

Hapo hapo niseme jambo la mtu anayeumia kama bodaboda yule, maana mama aliliuliza. Kama kampuni ingefuta mkataba na ajali ya Mei ingekuwa imemuumiza mtu, sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169, isingemwacha majeruhi mikono mitupu kirahisi. Sheria hiyo inamlinda mtu wa tatu aliyeumia hata pale kampuni inapokuwa na ugomvi na mteja wake. Ila kampuni ikishalipa inaweza kumgeukia mwenye gari irudishiwe. Upande wa gari lako mwenyewe, boneti na taa zako, hakuna ulinzi wa namna hiyo.

Februari 2025 ilipokaribia mama alinipigia wiki tatu kabla. Tuliandika ujumbe kwa pamoja, akautuma kwa anwani ya barua pepe ya kampuni na nakala kwa wakala. Siyo kwa sauti safari hii. Ulikuwa mfupi:

"Nahuisha bima ya gari langu. Tangu nilipojaza fomu mwaka 2021 kuna mabadiliko yafuatayo. Mdogo wangu, ambaye huendesha, alitiwa hatiani Novemba 2023 kwa kuendesha bila uangalifu, alilipa faini, leseni yake haikusimamishwa. Ajali hiyo ilitokea Septemba 2023 na hatukudai bima. Mei 2024 tulikuwa na ajali ambayo mnayo kwenye kumbukumbu. Gari lina faini nne za mwendokasi za mwaka 2023, zote zimelipwa. Matumizi ya gari ni binafsi, na mara mbili kwa wiki hubeba bidhaa za duka langu. Naomba mnijibu kwa maandishi mmeipokea taarifa hii na ada ni kiasi gani."

Faini za tochi tuliziweka ingawa hatukuulizwa. Hazikugharimu kitu, na zilifunga mlango mmoja wa mabishano ya baadaye. Ule mstari wa bidhaa za duka niliusisitiza mimi, kwa sababu wakati tunachambua barua ya kwanza niliona hakuna aliyeugusa, nikashukuru kimya kimya. Gari la binafsi linalobeba biashara ni ugomvi mwingine kabisa ambao kampuni ingeweza kuuibua siku yoyote.

Jibu lilikuja siku ya nne. Ada imepanda mpaka asilimia 4.5, kwa sababu sasa kuna hatia moja na ajali mbili. Gari lilikuwa limeshuka thamani mpaka milioni 18, kwa hiyo ilikuwa 810,000 na kodi 145,800, jumla 955,800. Eksesi pia imepanda iwapo kijana ndiye anayeendesha. Kuhusu bidhaa za duka, kampuni iliandika kwamba inakubali mradi ni za mwenye gari mwenyewe na hazisafirishwi kwa malipo. Kulikuwa na njia ya pili: kijana aondolewe kabisa kwenye orodha ya waendeshaji, ada irudi karibu na kiwango cha chini, na akishika usukani hata kwenda dukani bima isimhusu.

Mama aliifikiria usiku mmoja. Asubuhi akanitumia ujumbe kwamba atalipa 955,800, kwa kuwa anajua fika hakuna siku ambayo yule kijana hatachukua funguo.